Moshi wa kiwanda kwenye mapafu ya jirani: maswali na majibu kuhusu kodi ya uchafuzi

Nina pumu na ninaishi karibu na kiwanda. Kodi anayotozwa mwenye kiwanda inayahusu vipi mapafu yangu?

Boila inayochoma mafuta mazito yenye salfa hutoa gesi ya dioksidi ya salfa. Kwa mwenye pumu, gesi hiyo inaweza kubana njia za hewa ndani ya dakika chache, hasa akiwa anahema kwa nguvu kwa sababu ya kazi au mazoezi. Sehemu ya gesi hiyo, ikipeperushwa mbali, hugeuka hewani kuwa chembechembe laini za salfati zinazoweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na chembechembe laini za namna hiyo huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Ukifungua daftari la hesabu la kiwanda hicho utakuta bei ya mafuta, mishahara na matengenezo ya mitambo. Hutakuta dawa yako ya kuvuta, siku ulizoshindwa kwenda kazini, wala usiku mama aliokesha hospitalini na mtoto wake. Zile za daftarini ni gharama binafsi za mzalishaji; ukizijumlisha na hizi zilizobebwa na wengine unapata gharama ya jamii nzima. Pengo lililo kati yake huitwa gharama ya nje, kwa sababu limemwangukia mtu aliye nje ya biashara, ambaye hakuuza wala hakununua chochote. Mwenye kiwanda si lazima awe na roho mbaya: kwa hesabu iliyo mbele yake, mafuta machafu ndiyo nafuu. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou, katika kazi yake ya mwaka 1920, alieleza kwamba kodi inayolingana na madhara hayo humfanya mzalishaji ayahesabu kama anavyohesabu gharama zake nyingine.

Nani anajua tani moja ya moshi inadhuru kwa kiasi gani?

Hakuna anayejua kwa usahihi wa mizani, lakini makadirio yana hatua zake. Wataalamu huanza na kiasi kinachotoka kwenye dohani, kisha hukokotoa kwa kutumia upepo na urefu wa dohani gesi inakoelekea na inavyopungua ukali njiani. Halafu huhesabu watu wanaoivuta, na kwa kutumia tafiti za afya hukadiria mashambulizi ya pumu, vitanda vya hospitali na vifo vinavyoongezeka. Mwishoni madhara hayo hugeuzwa kuwa fedha, nayo ndiyo hatua yenye ubishi mkubwa, kwa kuwa gharama ya matibabu huweza kuhesabiwa kwa risiti, ilhali maumivu na maisha yaliyokatizwa hayana risiti. Serikali ikihesabu bili za hospitali peke yake, kodi itakuwa ndogo kuliko madhara.

Kwa nini kodi isipandishwe mpaka moshi uishe kabisa?

Tuchukue mfano wa kubuni, na fedha yake tuiite sarafu ili isiwe ya nchi yoyote. Kiwanda kinatoa tani 100 za dioksidi ya salfa kwa mwaka, na imekadiriwa kuwa kila tani inaleta madhara ya sarafu 300. Kikihamia mafuta yenye salfa kidogo, kitapunguza tani 40 kwa gharama ya sarafu 100 kila moja. Kikifunga mtambo wa kusafisha moshi kwa maji ya chokaa, kitapunguza tani 30 zaidi kwa sarafu 250 kila moja. Tani 30 zilizobaki ni ngumu kuziondoa, na kila moja ingegharimu sarafu 700.

Bila kodi, kiwanda hakipunguzi hata tani moja, kwa kuwa hata ile ya sarafu 100 ni hasara tupu kwake. Kodi ikiwa sarafu 300 kwa tani, kulipa sarafu 100 au 250 ili kukwepa 300 ni faida, kwa hiyo tani 70 zinaondoka kwa gharama ya sarafu 11,500, na watu wanaepushwa na madhara ya sarafu 21,000. Kwa tani 30 zilizobaki, kiwanda kitaona nafuu kulipa kodi ya sarafu 9,000 kuliko kutumia 21,000 kuziondoa.

Najua msomaji wa mambo ya afya hapendi kusikia kuwa tani 30 zitabaki, nami sidhani anakosea kuuliza. Jibu la nadharia ni kwamba sarafu 21,000 zingetumika kuzuia madhara ya sarafu 9,000, na fedha hizo zingeweza kuokoa afya zaidi kwingine. Jibu hilo linasimama mradi makadirio ya 300 ni ya kweli. Yakithibitika kuwa yalipaswa kuwa 800, tani hizo nazo zingestahili kuondolewa.

Je, huku si kumuuzia tajiri ruhusa ya kutuchafulia hewa?

Pasipo kodi wala kanuni, ruhusa hiyo anayo tayari, tena bure. Hata hivyo lalamiko lina msingi mahali pamoja: kodi iliyo sawa kila mahali haijali moshi unaangukia wapi. Tani iliyotolewa kwenye bonde lenye nyumba nyingi hudhuru watu wengi kuliko tani ya jangwani, na kiwanda cha bondeni kinaweza kuchagua kulipa tu. Ndiyo maana kodi haifuti kikomo cha kisheria cha uchafuzi kwenye maeneo ya makazi. Fahamu pia kwamba kodi hii haimfidii mgonjwa moja kwa moja. Fidia huhitaji sheria yake.

Kuna nchi ambako jambo hili limejaribiwa?

Swideni ilianza mwaka 1992 kutoza mitambo mikubwa ya kuchoma nishati krona 40 kwa kila kilo ya oksidi za nitrojeni, gesi nyingine inayowasha njia za hewa. Mitambo ilihimizwa kufunga vifaa vinavyopima moshi mfululizo, na asiyepima alitozwa kwa kiwango cha kukadiriwa kilichowekwa juu. Fedha zilizokusanywa zilirudishwa kwa mitambo hiyohiyo kwa kulingana na nishati iliyozalisha, hivyo mwenye moshi mwingi kwa nishati ileile alimlipa mwenzake aliye safi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba sehemu ya upunguzaji haikutokana na mitambo mipya: mafundi walipoona vipimo, walirekebisha hewa na joto la uchomaji, jambo ambalo awali halikuwa na faida kulishughulikia.

Tutatambuaje kwamba kodi imekwama?

Angalieni kinachotozwa. Kodi ikitozwa kwa wingi wa bidhaa badala ya moshi, kiwanda hakina sababu ya kufunga mtambo wa chokaa, kwa kuwa hata kikisafisha kitalipa kilekile. Kiwango kisichorekebishwa huku bei za vitu zikipanda hupungua nguvu mwaka hadi mwaka bila mtu kutangaza. Mapato nayo yasomwe kwa uangalifu, maana kodi inayofanya kazi huingiza fedha kidogo kadiri moshi unavyopungua, na hazina iliyozoea fedha hizo haifurahii. Mapato yakishuka pamoja na vipimo vya hewa vya mtaani, moshi umepungua kweli. Yakishuka huku vipimo vya mtaani vikibaki palepale, ingawa hakuna chanzo kingine kilichoongezeka, cha kukaguliwa kwanza ni kifaa kilichofungwa kwenye dohani.