Simu imebadilishwa bodi, risiti bado ina IMEI ya zamani

Bonyeza *#06# na kioo cha simu kitaonyesha IMEI, namba yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, ingawa maduka mengi huandika moja tu kwenye risiti. Zidai zote mbili.

Wengi hawajui kwamba namba hiyo imo ndani ya bodi kuu. Boksi na stika ni nakala tu. Chukulia simu iliyouzwa Machi ikiwa na IMEI inayoishia 518. Juni inazima, kituo cha matengenezo kinaweka bodi mpya kwa waranti, na simu inarudi ikiwa na IMEI nyingine kabisa. Septemba inagoma kuchaji. Mteja anafika na boksi na risiti zinazosema 518, muuzaji anabonyeza *#06#, namba hazioani. Ana haki ya kushuku, kwani hivyo ndivyo simu mbovu au ya wizi inavyopenyezwa kwenye boksi la simu halali.

Kinachomwokoa mteja ni fomu ya matengenezo yenye IMEI ya zamani, IMEI mpya, tarehe na muhuri. Usiondoke kaunta bila hiyo. Muuza duka naye asifute namba ya zamani kwenye daftari lake. Aongeze mpya chini yake, ili mauzo ya Machi na dai la Septemba visomeke kuwa vya simu moja.

Namba ikinakiliwa kwa mkono hukosewa. Bahati nzuri, tarakimu ya 15 ya IMEI ni ya kuhakiki. Chukua 490154203237518: katika zile 14 za mwanzo, zidisha kwa mbili ya pili, ya nne na kuendelea hivyo, na jibu likizidi 9 toa 9. Hizo zinafika 30, zilizobaki 22, jumla 52. Kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 60, zinahitajika 8, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Namba ya utambulisho iliyo kwenye stika ya friji kwa kawaida haina kinga hiyo, na herufi O hugeuka sifuri kirahisi. Piga picha ya stika kabla hujaisukumiza friji ukutani.

Kwa simu unayoinunua mkononi mwa mtu, Tanzania unaweza kutuma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 kabla ya kulipa. Jibu likitaja aina tofauti na simu unayoiona, iache. Likilingana, bado halithibitishi kwamba haijaibwa. Mwenyewe huenda hajaripoti.

Na ikiibwa ya kwako, usikimbilie polisi na namba ya kwenye boksi kama bodi ilishabadilishwa. Utakuwa umefungia bodi iliyokwisha tupwa, huku mwizi akiendelea kupiga simu.