Irabu U Ilipohamia Mbele ya Kinywa

Muhula uliopita, hapa Kisumu, mwanafunzi wangu wa fonetiki aliniletea mchoro wa irabu tano za Kiswahili alizopima kutoka kwa sauti ya mwanamume mmoja. Nne zilikuwa mahali pake. Ya tano, u, ilikuwa imekaa mbele ya kinywa, juu kidogo ya e, mbele hata kuliko i. Yeyote aliyesoma Kiswahili kidato cha kwanza anajua kwamba u hutamkwa ulimi ukiwa umeinuliwa nyuma na midomo ikiwa imeviringwa. Hata hivyo, mwanafunzi hakuwa amebuni chochote. Tarakimu zile alipewa na kompyuta, naye alizinakili kwa uaminifu. Nataka tumfuate hatua kwa hatua, kwa sababu kosa hili linafundisha kusoma spektrogramu, yaani picha ya sauti, vizuri kuliko mchoro usio na dosari.

Alimrekodi msemaji wake akitamka maneno matano: pita, peta, pata, pota na puta. Huo ni uteuzi mzuri. Konsonanti ni zilezile katika maneno yote, kwa hiyo kinachobadilika ni irabu ya kwanza tu. Tena mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno haya silabi hiyo ndiyo yenye irabu tunayoitaka. Irabu yenye mkazo hurefuka, na ulimi hupata muda wa kufika unakokwenda kabla ya kuitwa na konsonanti inayofuata.

Ukiifungua rekodi hiyo katika Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, utaona picha ya kijivu chini ya wimbi la sauti. Hiyo ndiyo spektrogramu. Muda unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanapanda kutoka chini kwenda juu, nayo hupimwa kwa hezi. Panapokuwa peusi pana nguvu nyingi ya sauti, na panapokuwa peupe hakuna kitu. Sauti ya p ni kimya cheupe kinachomalizika kwa mlipuko mwembamba, kisha irabu inaanza. Irabu utaitambua kwa vistari vingi vya wima vilivyosongamana, kila kimoja kikiwa pigo moja la nyuzi za sauti, na kwa mikanda mizito ya ulalo inayopita katikati ya vistari hivyo. Mikanda hiyo ndiyo fomanti. Wa chini kabisa ni fomanti ya kwanza, F1, na unaofuata juu yake ni ya pili, F2.

Fomanti hazitoki kwenye nyuzi za sauti. Nyuzi hutoa mngurumo, na hewa iliyomo kooni na kinywani huyakuza baadhi ya masafa ya mngurumo huo na kuyafifisha mengine. Ukiwahi kuchota maji kwa mtungi unajua jambo hili. Mtungi ukiwa mtupu sauti ya maji huwa nene, na kadiri unavyojaa sauti hupanda, kwa kuwa nafasi ya hewa iliyobaki inazidi kuwa fupi. Wachotaji maji wengi hujua mtungi umekaribia kujaa bila kuutazama. Kwa mwanamume mzima, njia kutoka kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni ni kama sentimita 17. Njia hiyo ikiwa wazi bila kubanwa popote, fomanti zake huwa karibu na hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea hivyo, moja katika kila hezi 1,000. Ikumbuke hesabu hiyo. Tutaihitaji tukirudi kwa u iliyopotea.

Sasa ulimi unaingia. Ukiinuliwa karibu na kaakaa, kama katika i na u, unaacha mlango mwembamba kinywani na nafasi kubwa nyuma yake, mfano wa chupa yenye shingo nyembamba. Chupa ya namna hiyo hutoa sauti ya chini, na kwa hiyo F1 hushuka. Taya likifunguka na ulimi ukalala, kama katika a, F1 hupanda. Hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya kwanza: ulimi ukiwa juu, F1 iko chini, ulimi ukiwa chini, F1 iko juu.

F2 hufuata zaidi nafasi iliyo mbele ya ulimi. Ulimi ukisogea mbele, nafasi hiyo hufupika kama ya mtungi uliojaa, na F2 hupanda. Ukirudi nyuma, nafasi hurefuka na F2 hushuka. Unaweza kulisikia bila kompyuta. Nong'oneza i, e, a, o, u polepole, bila kutumia sauti. Utasikia mluzi hafifu ukiteremka tangu i hadi u. Unachosikia kikiteremka, kwa sehemu kubwa, ni F2.

Kwa sauti ya mwanamume yule, kipimo kikichukuliwa katikati ya irabu, pita ilitoa F1 ya takribani hezi 290 na F2 ya 2,200. Kwenye picha, mkanda mmoja uko chini kabisa na mwingine juu sana, na kati yake pana uwanja mweupe. Peta ilitoa 480 na 1,850, mikanda imeanza kukaribiana. Pata, 720 na 1,350. Pota, 500 na 900. Ukichora F1 ikiongezeka kwenda chini ya karatasi na F2 ikiongezeka kwenda kushoto, irabu hizi hukaa karibu kama zilivyo katika ule mchoro wa vitabu vya shule: i juu kushoto, e chini yake, a chini katikati, o upande wa kulia.

Kisha puta: F1 hezi 430, F2 hezi 2,310.

Nilimwomba mwanafunzi aache tarakimu kwanza na aitazame picha. Katika ile u kulikuwa na mkanda mmoja mnene mweusi, wote chini ya hezi 1,000. Juu yake palikuwa peupe hadi karibu na 2,300, ambapo palikuwa na ukungu wa kijivu. Linganisha na pita, ambako mkanda wa 2,200 ulikuwa mweusi tititi. Kama u ingekuwa na F2 mahali pale kweli, ingeonekana nzito kama ya i. Vitone vyekundu ambavyo programu huchora juu ya fomanti vilisema jambo hilohilo: mstari mmoja wa vitone ulipita katikati ya mkanda mnene, na wa pili ukarukia kwenye ukungu. Mkanda ule mnene ulikuwa fomanti mbili zilizokaribiana hadi zikaonekana moja. Programu ilizihesabu kama F1, ikaiita F2 ile ambayo kwa haki ni F3.

Sababu iko kwenye mipangilio. Praat ikifunguliwa mara ya kwanza hutafuta fomanti tano chini ya hezi 5,500, kiwango kinachofaa sauti ya mwanamke. Mwanamume ana njia ndefu zaidi ya sauti, na fomanti zake tano za kwanza hutoshea chini ya 5,000, kama hesabu yetu ya moja katika kila 1,000 inavyoonyesha. Ukiilazimisha programu kueneza fomanti tano hizohizo hadi 5,500, itatumia moja kuonyesha kilichoko huko juu na kubakiwa na chache kwa huku chini. Zilizosongamana ndizo huunganishwa, na u ndiyo yenye msongamano mkubwa kuliko zote. Mwanafunzi aliingia kwenye mipangilio ya fomanti, akabadilisha sehemu iliyoandikwa `Formant ceiling (Hz)` kutoka 5500 hadi 5000, na ule mstari mmoja wa vitone ukagawanyika mara mbili: F1 hezi 330, F2 hezi 800. Ile 2,310 ilibaki palepale, sasa ikiwa na jina lake halali, F3. Nayo u ikarudi nyuma ya kinywa.

Anayepima mamia ya maneno kwa amri moja huchukua tarakimu za programu kama zilivyo bila kutazama picha, na huko ndiko u za namna hii hujificha. Mimi hupanga vipimo vyote vya irabu moja kwa F2, kisha hufungua rekodi za zile zilizo mwisho wa orodha. U yenye F2 ya 2,000 na zaidi si ugunduzi hadi jicho lithibitishe. Kwa mwanamke au mtoto kuna tatizo jingine: nyuzi zikipiga mara 300 kwa sekunde, nguvu ya sauti hupatikana kwenye 300, 600, 900 tu, na F1 ya i iliyo katikati ya vituo hivyo haiwezi kusomwa kwa uhakika. Hapo kukosea kwa makumi ya hezi ni kawaida.

Hata baada ya kusahihisha, ile 800 ya u haielezi ulimi peke yake. Kuviringa midomo hurefusha nafasi ya mbele na kuiteremsha F2 zaidi. Kwa kuwa o na u za Kiswahili zote huviringwa, unyuma wa ulimi na umbo la midomo vimefungwa katika tarakimu moja. Jaribu kusema u, kisha utandaze midomo bila kusogeza ulimi. Sauti hubadilika, F2 hupanda, na ulimi haujaenda popote.

F1 nayo ina jambo lake, na hapa Kisumu hatuwezi kulikwepa. Dholuo huandikwa kwa herufi tano za irabu, lakini ina irabu tisa. Nane kati yake ziko kwa jozi, zinazotofautiana kwa mzizi wa ulimi, ile sehemu ya chini kabisa kooni. Mzizi ukisukumwa mbele, koromeo hupanuka, ile chupa ya nyuma huwa kubwa zaidi, na F1 hushuka. Mwanafunzi yuleyule sasa anapima irabu za lugha ya mama yake. Amekuta i mbili zilizo mbali kwa F1, naye alikuwa ameandika kwamba katika moja ulimi uko juu kuliko katika nyingine. Spektrogramu haiwezi kumpa hukumu hiyo. Inamwambia kwamba F1 imeshuka. Kujua kama ni kwa sababu mgongo wa ulimi umeinuka, au mzizi umesogea mbele, au vyote viwili, kunahitaji picha ya ulimi wenyewe, kwa mfano ya mashine ya miale ya sauti kama inayotumiwa kliniki za wajawazito, kishikio kikiwekwa chini ya kidevu. Amefuta neno "juu" kwenye jedwali lake na kuandika "F1 ya chini".