Mtaro Mkavu wa Kiangazi: Maswali na Majibu na Bwana Afya

(Kipindi cha redio. Zeze linapigwa, makofi, kisha sauti za watoto.)

Mbukwenyi Dodoma, mbukwenyi!
Mtaro ni wa mvua,
taka tia kirobani.
Ukiuziba kwa jua,
maji yatalala ndani!

(Zeze linafifia. Tupo gengeni, kelele za soko kwa mbali.)

MAMA MUUZA MBOGA: Bwana Afya, huu mtaro mkavu tangu mwezi wa tano. Nikitupa maganda humo, namuumiza nani?

BWANA AFYA: Mama, tupige hesabu hapahapa. Ndoo yako ya maganda ni lita 20, na naona hadi jioni inafika nusu. Magenge ya mstari huu ni kumi. Hizo ni lita 100 kwa siku, lita 3,000 kwa mwezi. Jua letu linanyausha mboga, sawa, tuseme inabaki robo tu. Bado ni lita 750. Sasa inama uchungulie kalavati pale chini ya barabara. Lina upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 7, ndani yake zinaenea kama lita 2,000. Miezi mitatu limejaa, na hapo sijahesabu chupa za maji na vifungashio vya plastiki, ambavyo havinyauki.

Sisi huku mvua hukaa mbali nusu mwaka, kisha Desemba inakuja kwa kishindo. Inazoa kila kitu na kukisukuma kwenye mdomo wa kalavati. Chupa zinashika matawi, matawi yanashika mchanga, njia inafunga. Maji hayarudi mawinguni, mama. Yanaingia uani, na kipindupindu nyuma yake.

MAMA: Yakiingia uani tunafagia, tunadeki. Kipindupindu kinatokea wapi?

BWANA AFYA: Chooni. Maji yakishapanda uani yanajaza shimo la choo, yanatoka na kinyesi, yanasambaa mpaka jikoni mnakopikia. Akiwepo mtu mmoja tu mtaani mwenye vimelea, hata kama yeye mwenyewe hajisikii kuumwa, vimelea hivyo vinaogelea hadi kwa jirani.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Tazama bomba lile lililokatiza mtaro. Pale kwenye kiungo panadondosha. Maji yakiwa yanakuja kwa nguvu, yanavuja kwenda nje. Siku ya mgao bomba halina msukumo, na likizamishwa kwenye maji machafu, tundu lilelile linavuta uchafu kuingia ndani. Maji yakirudi, wewe unakinga ndoo ya kwanza ukidhani ni maji safi.

MAMA: Nitajuaje kama yameingia uchafu?

BWANA AFYA: Yakiwa na tope au harufu, hiyo ni dalili. Ila yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yana vimelea, kwa hiyo macho yasikudanganye. Mtaa ukifurika, ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, kisha yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Mboga za kachumbari nazo zioshwe kwa maji hayohayo yaliyochemshwa. Hapo ndipo naona watu wanajisahau.

MAMA: Basi Jumamosi tutazibua wenyewe. Mwaka jana tulizibua, ukaziba tena wiki hiyohiyo.

BWANA AFYA: Kwa sababu tope mliliacha kingoni. Nililiona, kichuguu kirefu pembeni ya mtaro, mvua ya kwanza ikalirudisha lote. Tope likitoka lipakiwe siku hiyohiyo, toroli au gari, liondoke. Anzeni upande wa chini, kwenye mdomo wa kutokea maji, mkipanda kuelekea juu, la sivyo mnalihamishia tope kwa wa chini yenu. Vaeni gambuti na glovu, humo kuna vioo na kinyesi.

Na maganda, mama, yatenge. Ya mboga weka ndoo yake, wafuga mbuzi watayafuata wenyewe. Plastiki weka kwenye kiroba, ukifunge mdomo, upepo wetu unaujua. Ukikiacha wazi jioni, asubuhi kiko mtaroni.

MAMA: Na mtoto akishaanza kuharisha?

BWANA AFYA: Angalia choo chake. Kikiwa maji matupu kama yaliyooshea mchele, tena mara nyingi, usisubiri kupambazuke. Dalili zinaweza kuanza saa chache baada ya vimelea kuingia, au hata siku ya tano, na mtu anaweza kukaukiwa maji mwilini ndani ya siku moja. Koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mpe kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi umpe tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na hayo yote yafanyike mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.