Gramu 11 kwenye chupa ya soda ni vijiko vingapi? Maswali na majibu

Mwanangu wa miaka 8 hununua soda ya nusu lita akitoka skuli, hapa Wete. Chupani pameandikwa sukari gramu 11. Nikigawa napata kama vijiko vitatu. Mbona kliniki wameniambia ni zaidi ya kumi?

Hizo gramu 11 ni za mililita 100 tu. Ichukue chupa uitazame tena. Lile jedwali dogo lililochapishwa ubavuni lina safu ya tarakimu, na juu ya safu pameandikwa 100 ml. Kila kilichomo kwenye safu hiyo, sukari ikiwemo, kimepimwa kwa kiasi hicho, ambacho hakifiki hata nusu ya gilasi ya mililita 250. Mwanao haishii hapo, anaimaliza chupa.

Nusu lita ni mililita 500, yaani mia moja mara tano. Kwa hiyo:

11 × 5 = 55, hizo ndizo gramu za chupa nzima.
55 ÷ 4 = 13.75, hivyo ni vijiko vya chai.

Ni vijiko 14 kasoro robo. Tunagawa kwa 4 kwa sababu kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari. Ulipogawa 11 kwa 4 ulipata vijiko vya mililita 100 za mwanzo, na hesabu ikakomea hapo. Hili ndilo kosa linalotokea zaidi kuliko mengine yote, na si la uzembe: tarakimu ya sukari imeandikwa wazi, lakini ile 100 ml iko juu peke yake kwa herufi ndogo.

Ukiwa umesimama dukani bila kalamu, iko njia ya mkato. Kwa chupa ya nusu lita, chukua gramu zilizoandikwa uongeze robo yake: 11 na robo yake, karibu 3, unapata 14. Kwa chupa ya mililita 300 fanya kinyume, punguza robo: 11 toa 3, inabaki 8. Hesabu ni ile ile, imefupishwa tu.

Na ukitaka kujua kama umekosea, kumbuka kwamba soda nyingi za kawaida zina baina ya gramu 9 na 13 za sukari kwa kila mililita 100. Kwa hiyo chupa ya nusu lita huangukia baina ya vijiko 11 na 16. Ukipata vitatu, umesahau kuzidisha. Ukipata sitini, umezidisha tarakimu ambayo tayari ilikuwa ya chupa nzima.

Mimi nikichota sukari kijiko kinafanya kichuguu. Hiyo gramu 4 imetoka wapi?

Ni ya kijiko kilichofutwa juu kwa mgongo wa kisu. Kichuguu kinaweza kufika gramu 6 au zaidi, kwa kutegemea kijiko na mkono wa anayechota.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Nunua robo kilo ya sukari, mwenye duka akupimie kwenye mizani mbele yako. Imimine kwenye bakuli, kisha uihamishe kijiko kimoja kimoja kwenye bakuli la pili, kila kimoja ukikifuta juu. Robo kilo ni gramu 250, na 250 kwa 4 ni vijiko 62 na nusu. Ukimaliza kwenye sitini hivi, kijiko chako ni cha kawaida. Ukiishia arubaini na kitu, basi kila kijiko kinabeba kama gramu 6, na unapopika chai ukasema "vijiko viwili" unatia vitatu.

Kwa kijiko hicho cha gramu 6, chupa ya nusu lita tuliyoihesabu ina vijiko tisa vya kichuguu. Sukari haikupungua, kipimo ndicho kilichokua. Ndiyo maana nashikilia kijiko kilichosawazishwa: bila kipimo kimoja huwezi kulinganisha chupa na chupa, wala chupa na kikombe chako cha chai.

Sikukuu tulinunua chupa ya lita 2. Ina safu mbili: kwenye 100 ml sukari ni gramu 10.8, kwenye 250 ml ni gramu 27. Nishike ipi?

Yoyote, mradi usizichanganye. Safu ya pili ni ya gilasi moja, kama mtengenezaji alivyoikadiria. Lita 2 ni mililita 2000, na ndani yake mna gilasi nane za mililita 250. Nane mara 27 ni 216. Ukipita njia ya kwanza, mililita 2000 ni mia moja mara ishirini, na 10.8 mara 20 ni 216 vilevile. Zikikubaliana hivyo, hesabu yako imenyooka.

Gramu 216 ukigawa kwa 4 ni vijiko 54. Ile robo kilo uliyopimiwa dukani ni gramu 250, kwa hiyo chupa moja ya sikukuu imekaribia kuibeba yote. Wakinywa watoto sita wakaimaliza, kila mmoja amepata vijiko tisa, kabla ya halua, visheti na aiskrimu ya kwenye viwanja.

Baadhi ya chupa zina safu nyengine yenye alama ya asilimia. Hiyo iache. Hulinganisha na mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na mara nyingi ni ya gilasi moja tu, kwa hiyo 30% juu ya chupa kubwa haina maana kwamba chupa nzima ni 30%.

Na kama mstari wa sukari umefutika, au chupa imetoka Arabuni?

Ukiuona mstari wa nishati, unatosha. Kwenye soda ya kawaida karibu nishati yote inatokana na sukari, na gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4. Chupa ikiandika 45 kcal kwa 100 ml, gawa kwa 4 upate gramu 11 na kidogo, kisha endelea kama hapo juu. Ikiwa imebaki kJ peke yake, gawa kwa 17: 190 kwa 17 ni 11 vilevile.

Njia hii ni ya soda tu. Kwenye maziwa ya chokoleti au vinywaji vya kimea itakudanganya, kwa sababu nishati ya humo inatoka pia kwenye mafuta, protini na wanga usio sukari.

Za kutoka Arabuni zina jedwali lile lile, ila tarakimu huweza kuwa za Kiarabu. Aliyepita chuoni anazisoma kama anavyosoma namba za aya. Tahadhari moja tu: kiduara ni tano, na sifuri ni nukta. Jicho lililozoea tarakimu za skuli hukisoma kiduara kuwa sifuri, na gramu 15 ikageuka 10.

Sawa, vijiko 14. Kwa mtoto wangu ni vingi kiasi gani?

Ni vingi kuliko anavyopaswa kupata kwa siku nzima. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta faida zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2000 hiyo ni gramu 50, vijiko 12 na nusu. Na asilimia 5 ni gramu 25, vijiko sita hivi.

Mtoto anakula kidogo zaidi, na kiwango chake kinashuka naye. Tukimkadiria kilokalori 1600, ukomo wake ni gramu 40, yaani vijiko 10. Soda yake ya mchana peke yake ina gramu 55. Hapo hatujahesabu chai ya asubuhi wala andazi.

Akinunua ya mililita 300 badala ya nusu lita anapata vijiko vinane, navyo bado ni vingi kwa jambo la kila siku. Ushauri wangu ni soda iwe ya siku moja moja, na akitoka skuli na kiu apewe maji. Dafu pia ni bora kuliko soda kwa hesabu hii, maana sukari yake kwa kawaida haifiki hata nusu.

Bibi yetu ana maradhi ya sukari na anachoma sindano. Tumeambiwa sukari ikishuka tumpe soda. Tumpe chupa nzima?

Hapana, na hapa hesabu ile ile inafanywa kwa kurudi nyuma. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ambaye sukari imeshuka chini ya 4 kwenye mashine ni gramu 15 za sukari. Soda yenu ina gramu 11 kwa mililita 100, kwa hiyo gawa 15 kwa 11, kisha zidisha kwa 100: mililita 136. Mpeni mililita 150, nusu gilasi na kidogo. Chupa nzima ni gramu 55, karibu mara nne ya anachohitaji, na baadaye sukari itapanda sana.

Someni chupa kabla ya kuiweka akiba. Soda zisizo na sukari zina 0 kwenye mstari ule, na hazitamsaidia kitu wakati huo, hata ladha yake ikiwa tamu namna gani. Kama hakuna soda ya kawaida, vijiko vinne vilivyosawazishwa vya sukari kwenye maji ni gramu 16, vinatosha.

Mkisha kumpa, subirini dakika 15 mpime tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudieni kipimo kile kile. Ikipanda, na wakati wa chakula bado uko mbali, mpeni kitu cha kukaa tumboni, kipande cha mkate au muhogo. Na mkimkuta amezimia, au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote kinywani. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitali.

Juu ya ile chupa ya akiba ya nusu lita chukueni kalamu ya wino mzito mpige mstari kwenye kimo cha mililita 350, kupimwa kutoka chini, mkiwa mmekipata kimo hicho kwa maji kwenye chupa tupu ya aina ile ile. Akitetemeka na jasho likimtoka usiku, aliyeamka naye hatakuwa na nafasi ya kugawa 15 kwa 11: atamimina kwenye gilasi mpaka soda ya chupani ishuke kwenye mstari, ndizo mililita 150, ampe anywe.