Simu inaposogezwa mbali: maswali ya macho baada ya miaka 40

Nina miaka 46. Daladala ikiwa mbali nasoma kibao chake bila shida, lakini ujumbe wa simu mpaka ninyooshe mkono. Ni ugonjwa gani huu?

Si ugonjwa, ni umri. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi laini inayozungukwa na msuli mdogo. Ukitazama kitu cha karibu msuli hukaza, nyuzi zinazoishikilia lenzi hulegea, nayo lenzi hujikusanya ikawa nene. Unene huo ndio unaoleta herufi za karibu sawasawa. Tatizo ni kwamba lenzi huongeza tabaka jipya juu ya la zamani maisha yote, na la zamani halitoki. Miaka inavyokwenda inakakamaa. Msuli bado unakaza kama zamani, lenzi ndiyo imegoma.

Jambo hili lilianza ukiwa bado mtoto, ila hukulihisi kwa sababu ulikuwa na akiba kubwa. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma kitu kilicho chini ya sentimita 10 kutoka usoni. Mahali hapo pa karibu kabisa panarudi nyuma kidogo kidogo, na siku panapofikia sentimita 40, umbali ambao wengi hushikia simu au kitabu, ndipo mtu anapodhani macho yameharibika ghafla.

Utagundua pia kwamba mchana nje unasoma vizuri na jioni chini ya taa hafifu unashindwa. Mwanga mkali hufinya mboni, na tundu dogo hupunguza ukungu. Kwa hiyo taa nzuri pembeni ya kitabu inasaidia kweli.

Jirani kanipa miwani yake ya +2.50 na herufi zimekuwa kubwa kabisa. Nibaki nayo?

Rudisha, huenda imekuzidi. Chukua 100, igawe kwa namba ya miwani: jibu ni sentimita ambazo miwani hiyo inakupa lenzi yako ikiwa haifanyi kazi yoyote. Kwa +2.50 unapata 40. Kwa +2.00 unapata 50, na kwa +1.00 ni mita nzima. Kwa mtu anayeona mbali vizuri, chochote kilicho mbali kupita umbali huo kitakuwa na ukungu. Ndiyo maana aliyevaa miwani yenye nguvu kupita mahitaji yake hukunja shingo na kuinamia kitabu, halafu jioni analalamika kichwa.

Katikati ya miaka ya 40 wengi huanza na kama +1.00, wakifika 50 wanahitaji +1.50 hivi, na kuelekea 60 ni +2.00 hadi +2.50. Hapo namba haipandi sana tena, kwa kuwa kusoma hakudai zaidi. Haya ni makadirio kwa anayeona mbali bila miwani. Mwenye miwani ya mbali ya -2.50 akiivua anasoma kwenye sentimita 40 bila chochote, na jirani zake hudhani ana macho ya ajabu.

Je, nikianza kuivaa macho hayatazoea yakawa mavivu?

Hapana. Lenzi inakakamaa uvae usivae. Namba itapanda baada ya miaka michache kwa sababu umri umepanda, na mazoezi ya macho au karoti havilainishi lenzi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 48. Mbali naona vizuri. Nimepimwa +1.50, sasa dukani wananishawishi ninunue progresivu ambayo ni ghali zaidi. Nalipia nini hasa?

Mwalimu, tufuate kipindi chako kimoja. Ukivaa miwani ya kusomea ya +1.50, rejista mezani inaonekana safi. Ukiinua macho, vitu vilivyopita sentimita 67 hivi vinaanza kufifia. Kwa hiyo wanafunzi wa viti vya nyuma ni nyuso zisizo na pua. Unaivua, unaandika ubaoni, unaitafuta tena ili usome daftari la mtu. Miwani ya kusomea ina nguvu moja kuanzia juu mpaka chini, na kazi yake ni umbali mmoja.

Progresivu ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959, kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz. Sehemu ya juu ya lenzi ni ya mbali (kwako wewe haina nguvu yoyote), kisha nguvu inaongezeka taratibu kadiri jicho linavyoshuka, mpaka chini inafika +1.50 ya kusomea. Katikati kuna njia nyembamba inayokupa kompyuta na meza. Haina mstari unaoonekana kama baifoko, ambayo ina mbali na karibu tu, basi.

Hasara yake wauzaji hawaitaji sana. Nguvu haiwezi kubadilika kutoka juu kwenda chini bila pembeni kupindika, kwa hiyo kulia na kushoto mwa ile njia kuna ukungu. Lenzi za bei ya juu huipanua njia, lakini hakuna inayouondoa ukungu wote. Kwa darasa lako, kugeuza kichwa badala ya macho ni gharama ndogo, na mimi ningeinunua. Fundi cherehani anayetazama kitambaa kipana kwa saa nane ningemwambia abaki na miwani ya kusomea, maana uwanja wake wa karibu ni mpana zaidi. Fundi umeme anayefunga taa darini naye progresivu itamsumbua: kazi yake ya karibu iko juu ya kichwa, na sehemu ya kusomea iko chini.

Nimeichukua progresivu wiki iliyopita. Sakafu inayumba na kwenye ngazi naogopa. Wamenikosea?

Wiki moja bado ni mapema. Wengi huhitaji mpaka wiki mbili, na huzoea haraka zaidi wakiivaa kutwa nzima kuliko wakiivaa na kuivua. Kwenye ngazi inamisha kichwa chote, usishushe macho tu, kwani ukishusha macho unatazama ngazi kupitia sehemu ya kusomea.

Lakini kuna dalili za vipimo kukosewa. Ukilazimika kuinamisha kidevu ili uone mbali, lenzi imewekwa juu mno. Ukilazimika kuinua kidevu sana ili usome, imewekwa chini mno. Na ikiwa ukurasa unasomeka pale tu unapougeuzia uso upande, umbali kati ya mboni haukupimwa sawa. Fundi alipaswa kukuvalisha fremu ile ile uliyoichagua, akatia alama mbele ya kila mboni, jicho moja moja. Kama hakufanya hivyo, rudi na risiti.

Mama ana miaka 70. Miwani ya kusomea ameivaa miaka mingi, na mwezi huu anasoma bila hiyo. Tunashukuru, au?

Mfanyieni jaribio dogo kabla ya kushangilia: mwulizeni kama bado anamtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mtoto wa jicho anapoanza katikati ya lenzi huiongezea nguvu, hivyo mtu anasoma karibu bila miwani huku mbali kukizidi kufifia. Kupona huko hakudumu. Sukari ya damu ikipanda nayo huweza kubadilisha namba ya macho ndani ya siku chache, kwa hiyo apimwe sukari pia, na kama iko juu miwani mipya isikatwe mpaka itulie. Na kama ni jicho moja lililobadilika ghafla, au kuna maumivu, au anaona duara za rangi kuzunguka taa, aende kwa daktari wa macho leo hii, si duka la miwani.