Kufanana pande zote si kufanana kila mahali

Kanuni ya kosmolojia inasema kwamba ulimwengu, ukitazamwa kwa kipimo kikubwa, hauna mahali maalumu wala upande maalumu. Kipimo kikubwa hapa ni kuanzia kama miaka ya nuru milioni 300 kwenda juu. Chini ya hapo galaksi zimejikusanya kwenye nyuzi na kuta zenye mapengo matupu katikati, na hilo halivunji chochote.

Taabu inaanza pale mtu anapoandika kwamba "vipimo vimeonyesha ulimwengu uko sawa kila mahali" kisha akatoa ushahidi wa mnururisho wa mikrowevu, mabaki ya joto la ulimwengu mchanga, unaotufikia kutoka kila upande wa anga. Ushahidi huo ni wa pande tu. Chukua mtu aliyesimama katikati ya shamba ambalo minazi yake imepandwa kwa duara, na kila duara la nje ni adimu kuliko la ndani. Akigeuka huku na huku anaona kitu kilekile, lakini shamba halifanani hata kidogo, maana katikati minazi imesongamana na pembeni ni michache. Kinyume chake pia kinawezekana: ulimwengu unaotanuka kasi zaidi kwenye mhimili mmoja, kwa kiwango kilekile kila mahali. Huo unafanana mahali pote ila haufanani pande zote.

Ili kutoka "pande zote" hadi "kila mahali" inabidi tuongeze dhana kwamba sisi hatujakaa katikati ya kitu. Dhana hiyo nayo hupimwa. Gesi ya moto iliyomo kwenye makundi ya galaksi za mbali hutawanya mnururisho ule, kwa hiyo nuru inayotufikia kutoka huko imebeba habari za anga lionekanavyo kutoka kwao. Kama tungekuwa katikati ya pengo kubwa, makundi hayo yangeona upande mmoja una joto zaidi kwa kiasi kikubwa, na alama hiyo haijaonekana.

Kwa nini pande zinafanana? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwanzoni kabisa eneo dogo, ambalo tayari lilikuwa na joto moja, lilivimba ghafla likapita upeo tunaouona leo. Bila hilo, pande mbili zinazokabiliana angani zisingekuwa zimepata muda wa kubadilishana joto.

Hata mnururisho wenyewe haufanani moja kwa moja. Wastani wake ni kelvini 2.725, lakini jirani na kundinyota la Simba umezidi kwa kelvini 0.00336, na upande wa pili umepungua kwa kiasi hichohicho. Tafsiri ya kawaida ni kwamba tunakimbia kuelekea huko kwa kilomita 370 hivi kwa sekunde. Ukiondoa mwendo huo, tofauti zinazobaki ni kama sehemu moja kwa laki moja.

Sasa, tafsiri hiyo ina jaribio lake, lililopendekezwa na wanaastronomia Ellis na Baldwin mwaka 1984. Kama kweli tunakimbia, vyanzo vya mbali vinavyotoa mawimbi ya redio navyo vionekane vingi zaidi upande wa mbele, kwa sababu mwendo husogeza nafasi zao mbele na kuving'arisha vile hafifu kiasi cha kuingia kwenye orodha. Ongezeko linalotarajiwa ni kama nusu ya asilimia mbele kabisa, na upungufu wa kiasi hicho nyuma kabisa. Ukihesabu vyanzo 10,000, nusu ya mbele itaizidi ya nyuma kwa 25 tu, wakati bahati nasibu peke yake huleta tofauti ya 100 hivi. Huoni kitu. Ukihesabu milioni moja, tofauti ni 2,500 na bahati nasibu ni 1,000. Hapo angalau alama inaanza kuchomoza.

Makosa huja kwa njia nyingine pia. Galaksi yetu yenyewe huvuruga hesabu ya vyanzo, kwa hiyo ukanda wake hukatwa. Darubini ikilitazama eneo moja mara nyingi kuliko jingine, huona vyanzo hafifu vingi zaidi pale, na hesabu huinama bila sababu ya kiulimwengu. Galaksi za jirani nazo zimejikusanya upande mmoja, lazima ziondolewe.

Mwaka 2021 kwasari, yaani viini ving'avu vya galaksi za mbali, zaidi ya milioni 1.3 kutoka darubini ya angani ya WISE zilihesabiwa kwa njia hii. Mwelekeo ulikaribiana na uliotarajiwa, lakini ukubwa ulikuwa zaidi ya mara mbili. Tangu hapo watu huandika kwamba kanuni imeanguka. Pole pole. Kipimo hicho kinahusu pande, na kinasema tu kwamba ama kuna kasoro ya kuhesabu ambayo bado haijanaswa, ama kwasari na mnururisho havikubaliani kuhusu mwendo wetu. Ni la pili pekee linaloigusa kanuni, na wa kuliandika aseme ni nusu ipi ya kanuni iliyoguswa.