Kutoa kodi ndani ya bei: kwa nini 118,000 huondolewa 18,000 na si 21,240

Bei pamoja na kodi ni kiasi ambacho mnunuzi hukitoa mfukoni, na ndani yake mna vitu viwili: bei kabla ya kodi, ambayo ni mali ya muuzaji, na kodi yenyewe, ambayo muuzaji huishika kwa muda tu kabla ya kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato. Kurudi nyuma kutoka bei hiyo ya jumla hadi sehemu zake mbili ni hesabu ya mstari mmoja, lakini ndiyo hesabu ambayo watu wengi wenye mashine nzuri za kuhesabu huikosea, na huikosea kwa namna ileile kila mara. Kwa sababu kosa ni lilelile, alama zake nazo zinatambulika, na mtu anayezijua anaweza kuliona kwenye ankara bila kuwapo wakati ilipoandikwa.

Tanzania Bara, kiwango cha jumla cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo mitaani na ofisini huitwa VAT, ni asilimia 18. Asilimia hiyo hupigwa juu ya bei kabla ya kodi. Bidhaa ya shilingi 100,000 huongezewa 18,000 na kuuzwa 118,000. Sasa mtu akipewa 118,000 peke yake na kuulizwa kodi ni kiasi gani, mkono huenda wenyewe kwenye alama ya asilimia: anaandika 118,000, anabonyeza kutoa, 18, kisha `%`, na kikokotoo kinamwonyesha 96,760. Kikokotoo hakijakosea, kwani kimeulizwa asilimia 18 ya 118,000 na kimejibu kwamba ni 21,240. Swali ndilo lililokosewa, kwa kuwa kodi haikupigwa kwenye 118,000 bali kwenye kiasi kidogo kuliko hicho, ambacho ndicho tunachokitafuta.

Njia sahihi ni kuiona bei ya jumla kama mafungu 118 yaliyo sawa, 100 ya muuzaji na 18 ya kodi. Bei kabla ya kodi hupatikana kwa kugawanya bei ya jumla kwa 1.18, na kodi ni sehemu 18 kati ya 118, yaani takriban asilimia 15.25 ya fedha iliyolipwa. Ndiyo kusema kwamba asilimia 18 na asilimia 15.25 zinaitaja kodi ileile: ya kwanza inaipima kwa bei kabla ya kodi, ya pili inaipima kwa fedha yote iliyotoka. Anayeweka hesabu zake kwenye jedwali la kompyuta, bei ya jumla ikiwa kwenye seli B2, huandika hivi:

```
=ROUND(B2/1.18,2)
=B2-ROUND(B2/1.18,2)
```

Mstari wa pili unatoa badala ya kuhesabu kodi upya, na hilo ni la makusudi. Shilingi 85,000 zikigawanywa kwa 1.18 huleta 72,033.898 na kuendelea. Ukikadiria sehemu moja kuwa 72,033.90 na kuipata nyingine kwa kutoa, yaani 12,966.10, jumla hurudi 85,000 kamili. Ukiihesabu kodi upya kwa kupiga asilimia 18 juu ya bei iliyokwisha kukadiriwa, ipo siku senti moja itapungua au kuzidi, na mkaguzi mwenye macho makali atakuuliza ilikokwenda.

Tuchukue kisa kimoja cha kubuni. Mkandarasi mdogo ananunua mabati na mbao katika duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi 1,475,000, bei ambayo muuzaji amesema wazi kwamba ni pamoja na VAT. Karani wa mkandarasi anataka kuingiza manunuzi hayo kwenye vitabu, lakini risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, imebaki kwa dereva, hivyo anakadiria mwenyewe. Anachukua asilimia 18 ya 1,475,000, anapata 265,500, na kuandika kwamba vifaa viligharimu 1,209,500 na kodi ni 265,500. Ukijumlisha, unapata 1,475,000, na hapo ndipo karani anaporidhika. Jumla kukubali si ushahidi wa lolote, kwa sababu ameipata bei kwa kutoa kodi kwenye jumla hiyohiyo. Hata angeweka kodi ya 700,000, jumla ingekubali vilevile.

Kipimo cha kweli ni kusafiri upande wa pili. Chukua bei kabla ya kodi iliyoandikwa, iongeze asilimia 18, uone kama unafika ulikoanzia. Kwa 1,209,500 unapata 1,427,210, na pengo ni 47,790. Kwa njia sahihi, 1,475,000 ukigawanya kwa 1.18 unapata 1,250,000, na kodi ni 225,000. Ukiongeza asilimia 18 kwenye 1,250,000 unarudi 1,475,000 bila kupungukiwa hata senti.

Karani ameizidisha kodi kwa 40,500, na kiasi hicho ni asilimia 18 ya kodi sahihi ya 225,000. Haikutokea kwa bahati. Anayepiga asilimia kwenye bei ya jumla hutoza kodi juu ya kodi, hivyo kodi yake huzidi ile sahihi kwa asilimia ileile ya kiwango. Kwa tozo ya asilimia 1 kosa hilo ni dogo na ni vigumu kulishtukia. Kwa asilimia 18 linaonekana. Mkandarasi aliyesajiliwa akidai kodi ya manunuzi ya 265,500 huku risiti ya EFD ikionyesha 225,000, dai lake linapingana na risiti anayoitegemea, na kinachosimama ni kilichochapwa na mashine. Muuzaji akilifanya kosa hilo kwenye mauzo yake, hujitangazia kodi kubwa kuliko aliyoipokea na kuifidia kutoka faida yake.

Ndiyo maana mtu mwenye ankara mbele yake hana haja ya kurudia hesabu zote. Agawanye kodi iliyoandikwa kwa bei kabla ya kodi iliyoandikwa. Kama bidhaa zote zinatozwa kiwango cha kawaida, jibu liwe 0.18. Likiwa karibu na 0.2195, mwandishi alipiga asilimia 18 kwenye bei ya jumla, kwa sababu alibakiwa na mafungu 82 kati ya 100, na 18 ukiigawanya kwa 82 unapata 0.2195. Ankara ya karani wetu, 265,500 kwa 1,209,500, inaleta namba hiyohiyo. Likiwa karibu na 0.1525, kosa ni la upande wa pili: bei iliyotajwa ilikuwa bado haina kodi, naye akaichukulia kuwa ni ya jumla, akaizidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118. Mtu wa namna hiyo angetoza 190,677.97 tu juu ya 1,250,000 na kupungukiwa na zaidi ya shilingi 34,000, ambazo baadaye atadaiwa yeye na si mteja wake. Kosa hili la pili huwapata zaidi wale waliokwisha kuonywa kuhusu la kwanza, wakashika 18 kwa 118 kama dawa ya kila homa bila kuuliza kwanza kama bei waliyopewa ina kodi au haina.

Kwenye risiti ya EFD hakuna haja ya kukisia, kwani mstari wa `TOTAL EXCL OF TAX` ni bei kabla ya kodi, na `TOTAL INCL OF TAX` ni bei ya jumla.

Hesabu hunoga zaidi pale bei moja inapobeba tozo kadhaa, na mfano ulio karibu na kila nyumba ya Dar es Salaam ni umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Ukinunua wa shilingi 10,000, na hakuna deni linalokatwa, ujumbe unaonyesha gharama ya umeme, VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3, na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Wapo wanaojumlisha asilimia hizo kuwa 22, wakatoa 2,200, na kulalamika kwamba umeme wenyewe ulipaswa kuwa wa 7,800 ilhali ujumbe unasema 8,196.72. Kwa kweli ujumbe unawapa zaidi ya walivyodhani. Tozo zote tatu hupigwa juu ya gharama ileile ya umeme, hivyo asilimia zake hujumlishwa, na 10,000 hugawanywa kwa 1.22. VAT ni 1,475.41, REA 245.90 na EWURA 81.97, ukizirudisha juu ya 8,196.72 unapata 10,000 kamili.

Kujua kwamba tozo zimekaa ubavu kwa ubavu, wala hazikupandana, ni jambo la lazima. Kama kila moja ingepigwa juu ya matokeo ya iliyotangulia, ungegawanya kwa 1.18, kisha kwa 1.03, kisha kwa 1.01, na gharama ya umeme ingekuwa 8,146.28. Tofauti ya shilingi 50 ni ndogo, ila inatosha kuonyesha ni mpangilio upi uliotumika. Na mwezi ambao kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inakatwa kwenye mita, toa kwanza 1,500 hiyo, kwa sababu ni kiasi kisichobadilika na si asilimia ya umeme. Kinachogawanywa kwa 1.22 ni 8,500 iliyobaki, nayo huleta umeme wa 6,967.21.

Kipimo cha 0.18 kina mipaka yake. Risiti ya duka kubwa la Mikocheni ya shilingi 300,000 inaweza kuwa na matunda na mboga zisizosindikwa za 64,000, ambazo zimesamehewa VAT, pamoja na sabuni na juisi za 236,000. Kodi ni 36,000, iliyotoka kwenye 236,000 peke yake, na bei kabla ya kodi kwa risiti nzima ni 264,000. Uwiano wake ni 0.136, na hakuna aliyekosea. Kabla ya kumshutumu mtu kwa uwiano ulio chini ya 0.18, tenganisha kwanza mistari inayotozwa na isiyotozwa.

Mtego mgumu kuliko yote huvuka na boti. Zanzibar kiwango cha jumla cha VAT ni asilimia 15, na ankara ya Unguja iliyotayarishwa sawasawa ina uwiano wa 0.15, ambao mtu wa Dar es Salaam aliyezoea 0.1525 anaweza kuudhania kuwa kosa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ankara ya Unguja iliyopigwa asilimia 15 kwenye bei ya jumla huacha mafungu 85, na 15 kwa 85 ni 0.1765, namba ambayo ukiikadiria kwa desimali mbili inasomeka 0.18 na kuonekana haina dosari. Kwa hiyo uwiano huu usomwe kwa desimali nne, baada ya kuangalia muuzaji amesajiliwa upande gani wa bahari.